Ukipewa Kipaza Sauti Harusini, Uanze na Nani?

Tuchukue sendofu ya kawaida ya Dar es Salaam. Binti anaagwa kwao, familia ya bwana harusi imekuja kama wageni, na kwa kuwa baba mzazi wa binti ni marehemu, baba mdogo ndiye msemaji wa familia. Mshereheshaji anamwita, muziki unashushwa, anasimama mbele ya watu mia tatu. Hotuba yake ameiandaa wiki nzima. Salamu hakuziandaa, na hapo ndipo mara nyingi familia mbili huanza kununiana.

Kabla ya kumtaja mtu yeyote, ukumbi husalimiwa kwa salamu ya dini. Familia nyingi za mijini zina Waislamu na Wakristo, kwa hiyo msemaji mwangalifu hutoa zote mbili: “Asalaam alaikum”, kisha “Bwana Yesu asifiwe”, au “Tumsifu Yesu Kristo” kama Wakatoliki ni wengi. Kila moja isubiriwe kiitikio chake. Ukizibwaga kwa pumzi moja, waliotaka kuitikia hubaki midomo wazi, na salamu isiyoitikiwa ni kama haikutolewa. Baada ya hapo wazee hupewa shikamoo yao. Baba mdogo wa miaka hamsini atasema, “Wazee wangu, shikamooni,” asubiri marahaba, ndipo awaulize wengine kama hawajambo. Hapaswi kuutupia ukumbi mzima shikamooni, maana nusu ya waliokaa mbele yake ni watoto wake.

Sasa majina. Kama kuna mgeni rasmi, huyo hutangulia, kwa cheo chake sahihi: Mheshimiwa, Profesa, Alhaji. Viongozi wa dini waliopo humfuata. Halafu linakuja jambo ambalo wengi hulikosea. Baba mdogo huyu ni mwenyeji, na mwenyeji hajitangulizi nyumbani kwake. Ataanza na wakwe: baba na mama wa bwana harusi, kisha wazee waliofuatana nao, hasa mshenga, yule aliyepeleka barua ya posa na kukaa vikao vya mahari. Mshenga akisahaulika hatasema kitu usiku ule, lakini upande wake wote utakuwa umesikia.

Wakwe wakishatajwa, ndipo arudi kwao. Hapa mama mzazi wa binti atajwe peke yake, kwa jina lake kamili, kabla ya baba wakubwa, shangazi na wajomba. Wapo wasemaji wa kiume wanaosema “ndugu zangu wa ukoo” na kupita, huku aliyemzaa bibi harusi amekaa mita mbili kutoka kwao. Kwa maoni yangu hilo ni kosa baya kuliko kukosea cheo cha mbunge. Marehemu baba naye hutajwa hapa, kwa sentensi moja tu: “Kaka yangu hayupo nasi leo, nasimama badala yake.” Ukiirefusha, mama ataanza kulia, na mshereheshaji atahangaika kuurudisha ukumbi kwenye furaha.

Kisha maharusi na wasimamizi wao, kamati ya maandalizi chini ya mwenyekiti wake, na wageni waalikwa wote kwa jumla. Yapo makabila na familia zinazotaka maharusi watajwe mapema zaidi, mara tu baada ya mgeni rasmi. Ulizeni nyumbani, msibishane ukumbini.

Harusi yenyewe ikifika, mambo hugeuka. Mara nyingi upande wa bwana harusi ndio mwenyeji, kwa hiyo msemaji wao ndiye atakayetanguliza wazazi wa binti. Atakayeikariri orodha ya sendofu na kuirudia pale atajikuta anajisifu kwao mbele ya wageni.

Orodha yote hii ni kazi ya msemaji wa kwanza. Wanaomfuata wana njia ya mkato inayokubalika: humtaja mgeni rasmi na wazazi wa pande zote mbili, wakasema “itifaki imezingatiwa”, wakaingia kwenye hoja. Msemaji wa kwanza hana ruhusa hiyo, kwa sababu itifaki hiyo bado hakuna aliyeizingatia.

Majina usiyategemee kichwani. Mshereheshaji huwa na ratiba yenye majina ya meza kuu. Mfuate kabla chakula hakijafunguliwa, yanakili kwenye karatasi, na uulize nani hajafika na nani amemwakilisha. Mgeni rasmi akituma mwakilishi, atajwe aliyefika, kisha isemwe anamwakilisha nani. Salamu zote, viitikio vikiwemo, zisizidi dakika mbili. Zikipita hapo, watu huanza kutazama upande wa jikoni.