Shukrani Mwisho wa Zamu ya Maabara

Mashine ya GeneXpert yenye vyumba vinne hupima sampuli nne za makohozi kwa takriban saa mbili. Zamu ya saa nane, basi, humaliza kama 16. Tuseme umeme ulikatika na sampuli 40 zikalala jokofuni: ni zamu mbili na nusu, na mpya zinaendelea kuingia.

Ya mwisho ikitoka, mkuu wa zamu ana dakika chache kabla watu hawajavua makoti. “Poleni na kazi, jamani,” anaanza. Akiwa mjuzi, haishii hapo. “Dada, uliona vikopo viwili vyenye jina moja ukarudi kwenye daftari. Nawe kaka, ulirudia zile zilizoandika ERROR. Ahsanteni.”

Kwangu mimi, hilo la pili ndilo zito. ERROR maana yake kipimo hakikukamilika, si kwamba kifua kikuu hakipo. Rundo likiwa kubwa, kishawishi cha kuandika “hasi” hakikosi.

“Majibu nani anayapeleka kliniki?” anauliza, kwani tabibu asipoyaona, mgonjwa haanzi dawa.