Chaji Kidogo, Uga Mkali

Chukua matufe mawili ya chuma. Moja lina nusukipenyo cha sentimita 10, karibu ukubwa wa mpira wa miguu. Jingine lina nusukipenyo cha sentimita 1, ukubwa wa gololi nono. Yaweke kila moja juu ya mguu wa plastiki ili umeme usikimbilie ardhini, kisha lichaji lile kubwa mpaka lifike volti 33,000. Usitishwe na tarakimu hiyo, kwani mashine ndogo ya maabara ya shule huifikia bila taabu, na chaji yenyewe ni haba mno. Sasa yaunganishe matufe kwa waya mwembamba. Maswali ni mawili: kila tufe litabaki na chaji kiasi gani, na ni juu ya tufe lipi hewa itaelemewa kwanza?

Wengi hujibu swali la kwanza kwa haraka kwamba chaji itagawanyika nusu kwa nusu. Haigawanyiki hivyo. Matangi mawili ya maji, moja pana na jingine jembamba, yakiunganishwa kwa bomba chini, maji hutembea mpaka vina vilingane, wala hayajali lita ngapi ziko wapi. Chaji nayo hutembea kwenye waya mpaka volti za pande mbili zilingane. Tangi pana hubaki na maji mengi, na tufe kubwa hubaki na chaji nyingi.

Nyingi kiasi gani? Volti za tufe ni kipimo cha kazi inayohitajika kuileta chaji nyingine kutoka mbali hadi kwenye uso wake. Chaji za aina moja husukumana, na kwenye tufe dogo mgeni hulazimika kusogea karibu zaidi na chaji zilizokwisha kutangulia. Kwa hiyo tufe lenye nusukipenyo kidogo mara 10 hufikia volti zilezile kwa chaji ya sehemu moja ya kumi tu. Katika jaribio letu, tugawe chaji yote mafungu 11: tufe kubwa hubaki na 10, dogo huchukua 1. Volti za wote wawili hutulia kwenye 30,000. Kubwa limepoteza fungu moja kati ya kumi na moja, na volti zake zimeshuka kwa kiasi hichohicho. Nishati nayo imepungua kwa moja ya kumi na moja, na iliyopotea imeishia kuwa joto kwenye waya na cheche ndogo pale ulipougusisha.

Mpaka hapa tufe kubwa linaonekana kuwa mshindi. Lakini chaji hukaa juu ya uso, na eneo la uso wa tufe dogo ni moja ya mia ya eneo la lile kubwa. Fungu moja limebanwa kwenye uso mdogo mara mia, huku mafungu kumi yakitandazwa kwenye uso mpana. Kwa kila sentimita ya mraba, tufe dogo lina chaji mara 10 zaidi ya kubwa.

Nguvu ambayo chaji hizo husukumia kitu kilicho karibu huitwa uga wa umeme, na juu ya uso wa kipitishi uga hufuata moja kwa moja msongamano huo wa chaji. Kwa tufe lililo peke yake kanuni yake ni fupi:

E = V/R

E ni uga juu ya uso, V ni volti, na R ni nusukipenyo. Tufe kubwa lina volti 30,000 kwa nusukipenyo cha mita 0.1, kwa hiyo uga wake ni volti 300,000 kwa mita. Dogo lina volti zilezile kwa mita 0.01, na uga wake ni volti milioni 3 kwa mita. Hapo ndipo hewa kavu ya kawaida huanza kushindwa: elektroni chache zilizo huru hewani hupata kasi ya kuzigonga molekuli na kung'oa elektroni nyingine, nazo zikang'oa nyingine, na hewa iliyokuwa kihami huanza kupitisha umeme. Tufe kubwa, lenye chaji karibu yote, limetulia mbali na mpaka huo. Dogo, lenye fungu moja tu, limesimama ukingoni.

Kwa kweli halitavuja papo hapo. Uga wa tufe dogo ni mkali lakini hautembei mbali. Ukisogea sentimita 1 tu kutoka kwenye uso wake, umeshuka hadi robo. Elektroni zinahitaji nafasi ya kukimbilia ili kuzaana, na nafasi yenye uga mkali hapa ni finyu. Ndiyo maana uso wenye nusukipenyo cha sentimita 1 huhitaji uga wa takriban volti milioni 4.5 kwa mita kabla hewa haijaanza kuunguruma na kung'aa rangi ya zambarau gizani. Bado tufe dogo ndilo litakalotangulia, na kwa mbali sana.

Vitabu vingi huishia hapo, na mimi nadhani ndipo mambo yanapoanza kuvutia. Kwa nini waya? Kwa nini tusiyagusishe matufe yenyewe?

Charles-Augustin de Coulomb aliyagusisha, huko Ufaransa katika miaka ya 1780. Alikuwa na kisahani kidogo cha metali chenye mpini usiopitisha umeme. Alikigusisha kwenye uso wa tufe, kikabeba chaji ya mahali pale, kisha akaipima kwa mizani yake ya kamba inayosokotwa. Aliona kwamba tufe dogo huwa na msongamano mkubwa zaidi, lakini tofauti hailingani kabisa na kanuni yetu. Kila alipotumia tufe dogo zaidi uwiano ulipanda kidogo, na haukufika hata mara 2. Baadaye, katika miaka ya 1810, mwanahisabati Siméon Denis Poisson alikokotoa kikomo chake: kwa matufe yanayogusana, hata lile dogo liwe punje, wastani wa msongamano wake hauzidi mara 1.65 ya ule wa kubwa. Sisi tumepata mara 10 kwa matufe yaleyale, tofauti ikiwa ni waya tu.

Sababu ni kwamba tufe kubwa huipandisha volti ya nafasi yote inayolizunguka. Tufe dogo likiligusa, kitovu chake kiko sentimita 11 kutoka kwenye kitovu cha kubwa, na hapo ujirani peke yake umekwisha kulipa zaidi ya volti 27,000 kati ya 30,000. Limebakiwa na pengo dogo la kujaza kwa chaji yake lenyewe, kwa hiyo linachukua chaji kidogo sana. Lisogeze mita 1, na msaada huo hushuka hadi volti 3,000 hivi. Sasa dogo linapaswa kujitegemea kwa zile 27,000, na uga wake unakuwa karibu mara 9 ya ule wa kubwa. Ukiyatenganisha zaidi, uwiano hukaribia 10. Waya basi kazi yake ni kuruhusu matufe yawe na volti moja huku yakiwa mbali kiasi cha kutosumbuana.

Lakini waya nao ni kipitishi, nao hubeba chaji. Waya wa mita 1 wenye kipenyo cha nusu milimita, ukifikishwa kwenye volti 30,000, hubeba karibu nusu ya chaji iliyo kwenye tufe kubwa, na hesabu yetu safi ya mafungu 11 huvurugika. Ukiufupisha, matufe yanaanza kusumbuana. Ukiurefusha, unameza chaji zaidi. Isitoshe, uso wake umepinda kuliko tufe lolote kati ya mawili, kwa hiyo uga ulio mkali kupita wote hauko kwenye tufe dogo bali kwenye waya wenyewe, mara kadhaa zaidi. Anayefanya jaribio hili kwa volti hizo na waya mtupu wa namna hiyo atasikia mchirizo wa sauti kando ya waya, na volti zikishuka zenyewe bila sababu ya kuonekana. Dawa ni kutumia volti chache, au kuugusisha waya kwa muda mfupi ukiushika kwa kihami na kuuondoa kabla ya kupima, ukijua kwamba utaondoka na sehemu ya chaji.

Kinachoudhi maabara kwa waya huo ndicho kinachowashughulisha wahandisi wa njia kuu za umeme. Waya wa alumini wenye nusukipenyo cha sentimita 1.4, ukitundikwa peke yake kwenye fezi ya njia ya volti 400,000, kwa hesabu ya haraka ungekuwa na uga wa kilele wa karibu volti milioni 3.5 kwa mita juu ya uso wake. Hewa ingeng'atwa usiku na mchana na umeme ungepotea njiani. Kuufanya waya uwe nene kama bomba kungegharimu metali nyingi na kuielemea minara. Kwa hiyo fezi moja hupewa nyaya mbili, tatu au nne zilizo sambamba, zikishikwa na vitenganishi kwa umbali wa sentimita 40 hivi. Nyaya mbili hugawana chaji, na kwa kuwa ziko jirani, kila moja huipandishia nyingine volti, kama tufe kubwa lilivyolifanyia dogo. Kila waya huhitaji chaji pungufu, na uga juu ya uso hushuka hadi volti milioni 2.5 hivi kwa mita. Ujirani ulioharibu jaribio la matufe hapa unalipiwa pesa.

Mvua ya manyunyu huirudisha sauti. Matone yanayoning'inia chini ya waya ni vipitishi vidogo vyenye mpindo mkali, na uga huvutwa pale mpaka tone lenyewe hunyooka na kuwa ncha. Anayepita chini ya njia kubwa ya umeme wakati huo husikia mkaango juu ya kichwa, na redio ya masafa ya kati hukwaruza. Hewa ikikauka, kelele hupungua.

Inapobaki hata siku kavu, wakaguzi huelekeza kamera zinazoona miali ya urujuanimno, kwa sababu hewa inayovunjika hutoa mwanga huo hata mchana wa jua kali. Mara nyingine doa linaloonekana kwenye kioo hutokea kwenye uzi mmoja wa alumini uliokatika ndani ya msokoto na kuchomoza nje: volti zake ni zilezile za waya mzima, lakini nusukipenyo chake ni milimita moja au mbili.