PS4 inawaka ila TV haina picha? Usikimbilie kurudisha hela

Wiki iliyopita nilituma PS4 ya mtumba Mwanza kwa basi. Kesho yake jioni mteja ananipigia: "Kaka, umeniuzia kopo. Inawaka, kwenye TV hamna kitu. Nirudishie hela yangu." Na mimi niliijaribu kwangu kabla ya kuifunga, ilikuwa nzima kabisa.

Nikamwomba tupigiane simu ya video, nione taa. PS4 ikiwashwa taa huwa ya bluu inayopumua, halafu inakuwa nyeupe. Ya kwake ilikuwa nyeupe. Maana yake umeme unaingia na mashine imewaka. Isingewaka kabisa ningemwambia aichomeke moja kwa moja ukutani, sio kwenye ekstensheni. Ingeganda kwenye bluu bila kufika nyeupe, hilo ni la fundi.

Nikamwambia achomoe waya wa HDMI pande zote mbili, ausukume hadi mwisho, kisha ajaribu waya wa king'amuzi chake. Bado. Kwenye TV alikuwa amechomeka HDMI 2, akabonyeza Source kwenye rimoti na kuichagua. Bado "No signal". (Wateja wengi huwa wanapona hapa hapa, jamani.)

Ndipo nikamuuliza TV yake ni ipi. Inchi 24, ya zamani. Hapo nikajua kosa ni langu: kwangu nilikuwa nimeiwekea picha ya 1080p, na TV yake haiipokei.

Dawa yake ni hii. Zima PS4 kabisa, hadi taa ipotee. Bonyeza kitufe cha kuwasha na usikiachie. Utasikia mlio wa kwanza, kisha baada ya sekunde kama 7 mlio wa pili, hapo ndipo unaachia. Hii ni Safe Mode, inatoa picha ya ubora wa chini ambayo karibu TV zote zinaipokea. Unganisha pedi kwa waya wa USB, bila waya haitakubali, bonyeza kitufe cha PS, kisha chagua namba 2, ile ya kubadilisha picha. Mwambie mteja asiguse kabisa Initialize PS4, inafuta gemu na kila kitu.

Picha ikarudi. Nikamwelekeza aende Settings, Sound and Screen, Video Output Settings, Resolution, aweke Automatic. Siku hizi naiweka hivyo mwenyewe kabla ya kufunga boksi.

Safe Mode nayo ikikosa picha, na waya na TV umeshabadilisha, omba picha ya tundu la HDMI nyuma ya mashine. Pini zikiwa zimepinda, au tundu linacheza, tatizo liko hapo. Hiyo mimi naipokea irudi, kubadilisha tundu ni kazi ya kuchomelea kwa fundi.