Anza na Namba, i7 Baadaye

Ukiwasha kompyuta mpakato ya mtumba na kufungua ukurasa wa Windows unaoeleza mashine yenyewe, utakuta mstari kama huu:

```
Intel(R) Core(TM) i7-7500U CPU @ 2.70GHz
```

Mashine ya pembeni yake, ya kampuni hiyohiyo na yenye umbo lilelile, inaonyesha huu:

```
Intel(R) Core(TM) i5-8250U CPU @ 1.60GHz
```

Wateja wengi huchagua ya kwanza. i7 inasikika kubwa kuliko i5, na 2.70 ni zaidi ya 1.60. Muuzaji naye hana sababu ya kuwapinga: "Kaka, hii ni i7, mashine nzito hii." Kumbe kwa kazi nyingi za kila siku ile ya pili ndiyo yenye nguvu, tena si kwa tofauti ndogo. Jibu limeandikwa waziwazi katika jina, ila limekaa katikati na mwishoni, mahali ambapo macho hayaendi.

Namba 3, 5, 7 na 9 zinazofuata herufi i ni vyeo vya ndani ya kizazi kimoja tu. Mwanafunzi anayeongoza darasa la tatu hajui hesabu kuliko yule wa kati wa darasa la saba, na hakuna anayewapanga kwenye orodha moja. Kwa hiyo kabla ya kutazama cheo, tafuta darasa.

Darasa, yaani kizazi, liko mara tu baada ya kistari. Katika 7500U ni 7, katika 8250U ni 8. Kanuni ni nyepesi: namba ikiwa na tarakimu nne na ikaanza na 2 hadi 9, tarakimu hiyo moja ndiyo kizazi. Ikianza na 1, chukua mbili za mwanzo. i5-10210U ni kizazi cha 10, na i5-1135G7 ni cha 11, ingawa kuna wanaoisoma kama kizazi cha kwanza. Kizazi cha kwanza chenyewe kilikuwa na tarakimu tatu tu, kama i5-520M ya mwaka 2010. Kuanzia kizazi cha 11 hadi cha 13 Intel walirahisisha kazi: jina linaloonekana kwenye skrini huanza na maneno `11th Gen`, `12th Gen` au `13th Gen`.

Turudi kwenye mashine zetu mbili, maana kati ya 7 na 8 kuna mpaka usiofanana na mingine. Kwa miaka mingi prosesa za Intel zenye herufi U, ambazo ndizo zilizojaa kwenye kompyuta nyembamba za maofisini, zilikuwa na viini viwili tu, iwe i5 au i7. Kiini ndicho sehemu ya prosesa inayofanya kazi yenyewe. Vikiwa vinne, kazi nne zinakwenda kwa wakati mmoja bila kupishana. Agosti 2017, mwaka uleule AMD walioingia sokoni na Ryzen, Intel walitoa kizazi cha 8, na i5-8250U ikaja na viini vinne. i7-7500U ya mwaka uliotangulia ilikuwa na viwili.

Basi ile 2.70 dhidi ya 1.60 inatoka wapi? Prosesa zote mbili zimepangiwa wati 15. Kiasi hicho ndicho cha joto ambacho kompyuta inatakiwa kuweza kukiondoa prosesa ikifanya kazi nzito mfululizo. Ukigawanya wati 15 kwa viini viwili, kila kimoja kinapata fungu nono na kinaweza kuahidi gigahezi 2.7 muda wote. Ukizigawa kwa vinne, ahadi inashuka hadi 1.6. Lakini hiyo ni ahadi ya chini kabisa. Kazi ikiwa fupi, au ikihitaji kiini kimoja tu, i5-8250U hupanda hadi gigahezi 3.4, na i7-7500U hadi 3.5. Hapo hutaona tofauti. Tofauti inajitokeza unapofungua kurasa kumi na tano za intaneti, mkutano wa video unaendelea, na kinga ya virusi imeamua kufanya ukaguzi wakati huohuo. Viini viwili hujaa mapema, na feni ndiyo itakayokuambia.

Mpaka huohuo wa kizazi cha 8 una uzito mwingine. Microsoft walipotoa Windows 11 waliweka orodha ya prosesa zinazokubalika, na kwa upande wa Intel orodha hiyo inaanzia kizazi cha 8, ukiacha mifano michache sana. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Wapo mafundi watakaokuwekea Windows 11 kwenye kizazi cha 6 au cha 7 kwa njia za pembeni, na itawaka vizuri tu, ila Microsoft hawakuhakikishii kwamba itaendelea kupokea masasisho. Nikiwa na bajeti ndogo, ningeacha i7 ya kizazi cha 7 na kuchukua i5 ya kizazi cha 8 bila kufikiri sana.

Sasa herufi ya mwisho, ambayo mimi naiona muhimu kuliko hata ile i7. Ndiyo inayosema prosesa imeruhusiwa kula umeme kiasi gani, na kwa hiyo itavumilia kazi nzito kwa muda gani. U ni ya wati 15: kompyuta nyembamba, chaja ndogo, betri inayodumu. H, pamoja na HQ ya vizazi vya nyuma, ni ya wati 45: mwili mnene, feni mbili mara nyingi, na chaja nzito ya kubeba kwa mkono wake peke yake. Y ni ya wati chache zaidi, na kompyuta nyingi za namna hiyo hazina feni kabisa.

Herufi hizi zinaweza kupindua vyeo hata ndani ya kizazi kimoja. Chukua i5-7300HQ uiweke mbele ya i7-7500U. Zote ni kizazi cha 7, ila i5 hiyo ina viini vinne na wati 45. Ukihariri video kwa saa nzima, i5 itaiacha i7 mbali. Upande wa pili, umeme ukikatika na ukabaki na betri, au unachaji kwa sola yenye inveta ndogo, ile ya U ndiyo itakayokufikisha jioni. Kwa mtu anayeandika ripoti na kujaza hesabu za duka, H ni mzigo wa bure begani. Kwa mhariri wa video, U ni subira isiyo na mwisho.

Y inahitaji jicho kali zaidi, kwa sababu katika kizazi cha 7 Intel waliificha katikati. i7-7Y75 ina cheo cha i7, kizazi cha 7, na mpango wa wati 4.5 na viini viwili. Kwenye tangazo huandikwa "i7 kizazi cha 7", basi. Maneno hayo ni ya kweli, lakini anayelipa bei ya i7 atakuwa amenunua mashine ya kusomea barua pepe. Hata ukivuka hadi kizazi cha 8, i5-8200Y bado ina viini viwili. Ndiyo maana kuuliza kizazi peke yake hakutoshi. Dai jina zima mpaka herufi ya mwisho.

Katika vizazi vya 10 na 11 utakutana na majina yasiyo na U wala H, kama i5-1135G7. G na tarakimu inayoifuata zinaeleza nguvu ya picha: G7 ni bora kuliko G1. Kiumeme i5-1135G7 ihesabu kwenye kundi la U. Kuanzia kizazi cha 12, Intel walianza kuchanganya viini vikubwa na vidogo katika prosesa moja. I5-1235U ina 10, lakini vikubwa ni 2 tu. Usiilinganishe kwa kuhesabu vichwa na prosesa ya zamani yenye viini sita vikubwa. Kisha mwishoni mwa 2023 herufi i yenyewe ikaondolewa, tukapata majina kama Core Ultra 7 155H. Tarakimu ni tatu tena, lakini neno Ultra litakuzuia kuidhania ni ya 2010.

Kwa AMD mambo yana hila yake. Ryzen 5 5500U na Ryzen 5 5600U zinaonekana ndugu wa tumbo moja, zimetoka mwaka mmoja, lakini ya kwanza imejengwa kwa muundo wa Zen 2 na ya pili kwa Zen 3, ulio mpya zaidi. Jina halikuambii. Walipofika namba za 7000 wakaweka utaratibu: tarakimu ya kwanza ni mwaka wa kuuzwa, ya tatu ndiyo muundo. Hivyo 7520U, pamoja na 7 yake ya mbele, ina 2 mahali pa tatu: ni Zen 2, muundo uliozaliwa 2019. 7640U ina 4, yaani Zen 4. Ukiona Ryzen ya 7000, ruka moja kwa moja hadi tarakimu ya tatu.

Upya wa boksi nao haumlindi mtu. Madukani zinauzwa kompyuta mpya zenye nailoni bado zikiwa na Celeron N4020, prosesa ya wati 6 na viini viwili. i5-8250U iliyotumika miaka kadhaa huishinda bila jasho, kama betri na diski yake ni nzima.

Yote haya yana maana tu ikiwa jina unalolisoma ni la kweli. Stika ya pembeni ya kibodi hubanduliwa na kubandikwa nyingine kwa sekunde, na umbo la mashine halisemi kitu, kwa kuwa kampuni huweka prosesa tofauti ndani ya mwili uleule. Bonyeza `Ctrl+Shift+Esc`, nenda sehemu ya `Performance`, kisha `CPU`. Juu utaona jina, chini utaona `Cores`. Jina likiwa i7-8550U, hapo pawe na 4. Pakiwa na 2, kuna mtu amechezea maandishi ya Windows. Omba kuizima na kuiwasha upya huku unagonga kitufe cha kuingilia BIOS, ambacho kwa kawaida ni F10 kwa HP, F2 kwa Dell na F1 kwa ThinkPad, usome jina huko kabla Windows haijaamka. Muuzaji akidai BIOS imefungwa kwa neno la siri asilolijua, usilipe kwanza: mashine hiyo itakusumbua hata siku utakapotaka kuiwekea mfumo mpya.