Namba Zinazosimama Kwenye Wasifu wa Fundi wa Tehama

“Nimetatua tiketi 5,000 kwa mwaka.” Sentensi hii inapendeza kwenye wasifu, lakini mwajiri anayeijua kazi huipigia hesabu papo hapo. Mwaka una siku za kazi 250 hivi, kwa hiyo hizo ni tiketi 20 kila siku. Katika saa nane, kila tiketi inapata dakika 24, bila kula wala kupumzika. Fundi anayekaa kwenye simu akiwasaidia watu waliosahau nywila anaweza kuzifikisha. Anayepanda ngazi kufuata printa iliyogoma hawezi.

Tiketi ni ombi la msaada lililoingizwa kwenye mfumo na kupewa namba, pamoja na saa lilipofunguliwa na saa lilipofungwa. Kwa kuwa mfumo huweka kumbukumbu zote, fundi hana sababu ya kubuni.

Tuchukue mfano wa fundi mmoja anayehudumia ofisi ya watu 120. Ripoti ya miezi 12 inaonyesha tiketi 1,140, wastani wa 95 kwa mwezi. Kati yake, 798 alizimaliza mwenyewe, yaani asilimia 70. Zilizobaki alizipeleka kwa mafundi wa ngazi ya juu. Tiketi 57, asilimia 5, zilifunguliwa tena kwa sababu tatizo lilirudi. Namba hii ya mwisho wengi huificha, ilhali ndiyo inayothibitisha kwamba kufunga tiketi kulikwenda sambamba na kutengeneza.

Muda wa kuitikia nao una mtego wake. Kuitikia ni kumjibu mteja kwa mara ya kwanza. Kutatua ni kummalizia shida. Anayeandika “dakika 10” bila kusema ni ipi kati ya hizo mbili hajasema kitu. Isitoshe, baadhi ya mifumo hutuma jibu la moja kwa moja la “ombi lako limepokelewa”. Jibu hilo likihesabiwa, kila fundi ataonekana anaitikia ndani ya sekunde chache.

Hata wastani hupotosha. Tuseme siku moja fundi wetu aliitikia tiketi tano baada ya dakika 4, 6, 9, 11 na 210. Wastani wake ni dakika 48, ingawa tiketi nne kati ya tano ziliitikiwa ndani ya dakika 11. Ile moja iliingia akiwa tawi jingine. Ni haki zaidi kuandika namba ya katikati, ambayo hapa ni dakika 9, au kutaja lengo lililowekwa na ni mara ngapi lilifikiwa: “Mtandao wa ofisi nzima ukikatika, lengo letu lilikuwa kuitikia ndani ya dakika 15, nililifikia kwa asilimia 92.”

Kuhusu mitandao, maneno “nilisimamia mtandao” hayatoshi. Andika ukubwa wake na mkono wako ulifika wapi: matawi mawili, swichi sita, vituo tisa vya waifai, nilibadilisha mipangilio ya swichi, lakini ruta ilisimamiwa na kampuni ya intaneti. Mpaka huo utakuokoa kwenye usaili. Mtu atakuuliza, kompyuta ikionyesha anwani inayoanza na 169.254 baada ya kuandika `ipconfig`, kuna nini? Aliyewahi kuishughulikia atajibu kwamba kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa jibu la seva ya DHCP, na kwamba ataanza kukagua waya, swichi na seva hiyo. Anwani halisi za mtandao wa mwajiri wako usiziandike. Ni siri zake.

Vyeti viandikwe pamoja na tarehe. CompTIA A+ hupatikana kwa kufaulu mitihani miwili, na CCNA ya Cisco kwa mtihani mmoja. Siku hizi kila kimoja hudumu miaka mitatu kabla ya kuhuishwa. Aliyefaulu mtihani mmoja wa A+ bado hana cheti, na aseme hivyo. Kilichoisha muda kionyeshwe kuwa kimeisha, kwani mwajiri anaweza kukihakiki.

Kwa fundi wetu, mwaka mzima wa kazi unaingia katika mistari miwili: “Watumiaji 120, matawi mawili. Tiketi 1,140 kwa miezi 12; asilimia 70 nilizimaliza mwenyewe, asilimia 5 zilifunguliwa tena.”

Kama uko kazini sasa, omba ruhusa ya kunakili jumla hizo kila baada ya miezi mitatu, bila majina ya wateja. Ukishaondoka, akaunti yako ya mfumo hufungwa, na ripoti hubaki kwa mwajiri.