Simu moja, masikio manne

Safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya inapita kilomita 800, na dada na mdogo wake waliokaa kiti kimoja wakiwa na simu moja iliyojaa filamu wana muda wa kutosha kuzimaliza. Kila mmoja ana eafoni zake zisizo na waya. Je, simu italisha zote mbili?

Zipo zinazoweza. Samsung ilianza na Galaxy S8 mwaka 2017. iPhone zilifuata mwaka 2019, ila kwa AirPods na baadhi ya Beats tu. Kwenye Samsung, eafoni zote huunganishwa kwanza kwa Bluetooth, moja baada ya nyingine, kisha dada anagusa `Media output` na kuchagua majina yote mawili. Kila jina lina mstari wake wa sauti, kwa hiyo mdogo mtu anaweza kuongeza yake bila kumuumiza dada masikio.

Kwa muziki, mambo huenda vizuri. Filamu ndiyo inayoleta taabu. Eafoni za Bluetooth hukusanya sauti kidogo kabla ya kuitoa ili isikatikekatike, na muda huo hutofautiana kati ya aina na aina. Programu ya video huichelewesha picha kidogo ili iendane na sauti, lakini picha ni moja: ikiendana na eafoni za dada, mdogo wake anaweza kuona midomo imeshafumba ndipo maneno yamfikie. Dawa ya uhakika zaidi ni eafoni mbili za aina moja.

Sauti pia hukatika. Simu inatuma mara mbili kile ambacho ingetuma mara moja, hivyo inabaki na nafasi ndogo ya kurudia kilichopotea njiani. Mwili wa binadamu nao, kwa kuwa umejaa maji, hufyonza mawimbi ya Bluetooth. Simu ikiwa mfukoni mwa dada upande wa dirisha, atakayelalamika ni mdogo. Ikilazwa kati yao na kukatika kukakoma, chanzo kimejulikana.

Simu ikipigwa, filamu husimama kwa wote wawili na mazungumzo huenda kwenye eafoni za mmoja tu.

Tangu 2022 upo mfumo mpya, Auracast, ambao simu hurusha sauti mara moja tu na eafoni nyingi zikaipokea pamoja. Sharti ni simu na eafoni zote ziwe zimeundwa kwa ajili yake. Mwenye simu ya zamani yenye tundu la eafoni ana njia isiyochelewesha sauti hata kidogo: waya mfupi wenye pini moja na matundu mawili. Autazame vizuri dukani. Upo unaofanana nao sana, ambao tundu moja ni la maikrofoni, na atakayechomeka hapo hatasikia kitu mpaka Mbeya.