Filimu moja, telefone, televizyo na festivali: kwa nini kamyo ilikuwa inarukaruka

Mwaka jana tulipiga filimu ya dakika 12 juu ya familia moja ya wachimbaji, pembeni ya Kolwezi, paka na telefone. Ku kioo kidogo ilikuwa muzuri. Siku ilipita ku televizyo, kamyo za karyere zilipokatisha barabara zilikuwa zinarukaruka, kama vile zinapita juu ya mawe. Mama mwenye kuongea akikaa ku kiti, yeye hakukuwa na shida.

Sababu ni hii: telefone ilikuwa inapiga picha 30 kwa segonde, nayo televizyo ya kwetu inafanya 25. Mashini ya montaji inatupa picha moja ku kila sita, na mara tano kwa segonde jicho linakosa kitu. Mutu mwenye kutulia haoneshi ile pengo, kintu chenye kukimbia kinaonesha. Ukichanganya picha mbili ili kuficha, kamyo inaachia kivuli nyuma yake. Kwa hiyo dawa ni mbele ya kupiga: fungua apareyi ya telefone, weka 25. Kama telefone yako haina hiyo, tafuta aplikasyo yenye kuruhusu kuichagua. Na tena umeme wetu ni Hertz 50. Ukipiga na 25 chini ya taa za neyo, mistari myeusi yenye kutembea ku ukuta inapungua.

Festivali nyingi zinaomba DCP, na mara nyingi ni picha 24. Kutoka 25 kwenda 24 ni rahisi: filimu inapunguzwa mwendo kidogo tu. Dakika zetu 12 zingekuwa 12 na nusu, na sauti ingeshuka kidogo kama hairekebishwe. Festivali zingine zinakubali 25, basi uliza mbele ya kulipa kazi.

Kosa yetu ya pili: baba alipigwa telefone ikisimama. Picha ya 1080x1920, ukiikata iwe ya kulala kama televizyo, inabakia paka 1080x608, karibu tatu moja. Kasike ilikatwa, mikono ilikatwa. Tuliacha bande nyeusi mbili ku pembeni. Haipendezi, lakini baba yuko muzima.

Kwa wajomba na mashangazi wenye telefone, tulitoa MP4 ya 1280x720, H.264, na uzito wa megabiti 2 kwa segonde: megaokteti karibu 180. H.265 ingepunguza uzito, lakini ku telefone za zamani watu walisikia sauti tu, kioo cheusi. Tuma kama dokima, juu WhatsApp ikiipokea kama video inaiponda tena.

Na ile fishiye kubwa, ya ProRes, ilibakia ku diski. Televizyo na festivali zinatengenezwa toka kwayo, hapana toka ku ile ya wajomba.